Sifuri moja ya ziada, na kwa nini alama ya z haikuiona

*Salaam, Mwalimu, kutoka Busia, upande wa Uganda. Ninaweka hesabu katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Nilipotoka likizo ya uzazi nilikuta simiti mifuko 20 imetozwa shilingi milioni 6.9, na mteja mwenyewe ndiye aliyetuonyesha. Nikasoma kwamba alama ya z hushika namba za aina hiyo, nikaiweka kwenye Excel kwa kikomo cha 3. Haikuushika mstari ule. Alama ya juu kabisa ilienda kwa oda ya shule ya mifuko 600, ambayo haina kosa. Mistari kumi ya wiki ile nimekutumia. Nimekosea wapi?*

Dada, hesabu yako haina kosa. Nimeirudia kwa mkono na nimepata namba zilezile. Kuna mambo mawili yaliyokukwamisha: umepima safu isiyofaa, na hata ungepima inayofaa, mistari kumi haitoshi kwa kikomo cha 3. Hilo la pili huwanasa hata waliosomea takwimu, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Tuanze na safu. Ulichopima wewe ni jumla ya mstari, yaani idadi mara bei. Katika mistari yako kumi, mteja mdogo kabisa alichukua mifuko 10 kwa 350,000, na shule ikachukua mifuko 600 kwa 20,100,000. Wastani wa jumla hizo ni 4,512,250, na mkengeuko wa kawaida, yaani kipimo cha jinsi namba zinavyotawanyika kuzunguka wastani, ni kama 6,043,000. Sasa chukua mstari mbovu wa 6,900,000: toa wastani, gawanya kwa mkengeuko, na hiyo ndiyo alama ya z: unapata 0.40. Fanya vivyo hivyo kwa shule, unapata 2.58. Ndiyo maana Excel ilikuonyesha shule. Milioni 6.9 kwa simiti si namba ya ajabu dukani kwenu; kwenye mistari hiyohiyo kuna mteja aliyechukua mifuko 200 kwa 6,800,000 na hakuna aliyeshtuka. Kosa limejificha ndani ya namba inayofanana kabisa na biashara halali.

Jumla hubeba vitu viwili kwa pamoja, na kimoja kati yake, idadi, hupanda na kushuka kila siku kwa sababu za kweli. Bei ya mfuko mmoja haifanyi hivyo. Kwenye orodha yako bei za mfuko ni 35,000 mara mbili, 34,500 mara nne, 34,000 mara mbili, 33,500 kwa shule kwa sababu ilichukua mzigo mkubwa, halafu hiyo 345,000. Mtu akizisoma kwa macho analiona kosa mara moja. Kwa hiyo pima bei ya kipimo kimoja, na uipime bidhaa kwa bidhaa. Simiti ilinganishwe na simiti, mabati na mabati ya geji ileile, nondo na nondo za unene uleule. Ukichanganya bidhaa zote kwenye wastani mmoja, msumari na tangi la maji vitakuwa kundi moja, na alama utakazopata hazitakuambia kitu.

Kuna faida nyingine ya kuacha jumla. Karani akibadilisha safu bila kujua, akaandika 34,500 kwenye idadi na 20 kwenye bei, jumla inabaki 690,000, sawasawa na inavyotakiwa. Mteja analipa kiasi sahihi na hakuna anayelalamika, ila stoo inaonyesha mifuko 34,500 imetoka siku moja. Hakuna kipimo cha jumla kitakachoona hilo hata ukae nacho mwaka mzima. Bei ya shilingi 20 kwa mfuko inaonekana papo hapo.

Sasa ungetarajia ukihamia kwenye bei ya mfuko mambo yatanyooka, lakini jaribu uone. Jumla ya bei kumi ni 654,500, wastani ni 65,450. Tayari kuna jambo la kushangaza hapo: wastani wa bei ya simiti umekuwa 65,450 wakati hakuna hata mteja mmoja aliyetozwa bei iliyo karibu na hiyo. Mkengeuko wa kawaida ni kama 98,225. Alama ya ile 345,000 ni 279,550 gawanya kwa 98,225, ambayo ni 2.85. Bado iko chini ya 3. Bei imekosewa mara kumi na kipimo kinasema iko sawa.

Fanya jaribio moja zaidi ili uamini. Badili 345,000 iwe 3,450,000, kana kwamba karani alizidisha sifuri mbili. Utapata 2.85. Weka milioni mia tatu. 2.85 tena. Kosa likikua, linavuta wastani upande wake na kutanua mkengeuko kwa kiasi kilekile, kwa hiyo alama haisogei. Kuna dari hapo, na dari hiyo inategemea idadi ya mistari peke yake: namba yoyote ndani ya kundi la mistari n haiwezi kupata alama inayozidi

```
(n - 1) / SQRT(n)
```

Kwa mistari 10 hiyo ni 9 gawanya kwa 3.162, yaani 2.85. Kikomo cha 3 hakiwezi kufikiwa hata iweje mpaka uwe na mistari 11, na kwa 11 dari ni 3.02 tu. Kila bidhaa inayouzwa mara kumi au chini kwa kipindi unachokipima ilikuwa nje ya ulinzi wako tangu mwanzo. Katika duka la vifaa vya ujenzi bidhaa za namna hiyo ndizo nyingi. Simiti na misumari hutoka kila siku, lakini koki, vitasa na rangi za aina moja moja hutoka mara chache kwa mwezi.

Utaniambia basi nitasubiri nipate mistari mingi. Itasaidia kidogo, lakini makosa hayaji moja moja. Kitufe cha sifuri kikiwa kimechakaa na kinashika, au karani mpya akiwa na mkono mzito, sifuri ya ziada itatokea mara mbili kwa bidhaa ileile. Chukua mistari 20 ya simiti yenye makosa mawili ya 345,000. Kila kosa linapata kama 2.92, maana yote mawili yamesaidiana kuvuta wastani na kutanua mkengeuko. Kosa moja limemfunika mwenzake, na mwenzake amelifunika.

Dawa ni kuacha wastani na mkengeuko wa kawaida, utumie namba ya katikati badala yake. Panga bei kumi kutoka ndogo hadi kubwa, uchukue ya katikati: kwako ni 34,500. Hapo 345,000 inahesabiwa kama "ile ya mwisho" tu. Iwe laki tatu au milioni tatu, katikati haijali. Kisha tafuta kila bei iko mbali kiasi gani na 34,500, bila kujali juu au chini. Utapata sifuri mara nne, 500 mara nne, 1,000 mara moja, na 310,500. Nazo zipange, uchukue ya katikati: 500. Hicho ndicho kipimo cha mtawanyiko wa kawaida wa bei ya simiti kwenu, na unaona kinakubaliana na akili ya mtu wa dukani: bei huchezacheza kwa mia tano.

Alama mpya ni 0.6745 mara umbali kutoka katikati, gawanya kwa hiyo 500. Hiyo 0.6745 ipo ili alama hii isomeke kwa mizani ileile ya z uliyoizoea. Kwa namba zilizotawanyika kwa umbo la kengele, nusu ya namba zote huwa ndani ya mikengeuko 0.6745 kutoka katikati. Kikomo kinachozoeleka kwa alama ya namna hii ni 3.5. Basi bei ya shule, 33,500, inapata -1.35 na inapita bila kusumbuliwa. Bei ya 35,000 inapata 0.67. Ile 345,000 inapata karibu 419. Namna hii hustahimili makosa hadi karibu nusu ya mistari yote kabla haijapotoka.

Kwenye Excel yako, kama B ni bidhaa, C ni idadi na D ni bei ya kipimo kimoja, andika hivi kwenye mstari wa pili halafu uvute chini:

```
E2: =MEDIAN(IF($B$2:$B$2000=B2,$D$2:$D$2000))
F2: =ABS(D2-E2)
G2: =MEDIAN(IF($B$2:$B$2000=B2,$F$2:$F$2000))
H2: =0.6745*(D2-E2)/MAX(G2,0.01*E2)
I2: =D2/E2
J2: =ABS(D2-E2)*C2
```

Kama Excel yenu ni ya zamani, fomula za E na G zimalizie kwa Ctrl+Shift+Enter, usibonyeze Enter peke yake, la sivyo zitakupa jibu lisilo sahihi au kosa. H ndiyo alama. Angalia kile kipande cha `MAX(G2,0.01*E2)`. Nimekiweka kwa sababu bidhaa nyingi zina bei moja isiyobadilika, na zaidi ya nusu ya mistari ikiwa na bei ileile, G inakuwa sifuri na Excel inakataa kugawanya. Kwa hiyo tunasema mtawanyiko usihesabiwe kuwa chini ya asilimia 1 ya bei ya katikati. Maana yake kwa bidhaa ya bei moja ni kwamba kikomo cha 3.5 kitavukwa bei ikihama zaidi ya asilimia 5 hivi. Kama kwenu punguzo la asilimia 7 kwa mafundi ni jambo la kila siku, pandisha 0.01 iwe 0.02, usije ukachoka na kengele za bure ukaacha kuzisikiliza.

Safu ya I wengi huiacha, na mimi naiona ndiyo yenye kuokoa muda kuliko zote. Alama inakuambia kuna tatizo. Uwiano wa bei na katikati mara nyingi unakuambia ni tatizo gani. Uwiano ukiwa 10 au 0.1, ni sifuri iliyozidi au iliyopungua. Ukiwa 20 kwa simiti, si kosa la vidole, ni mtu aliyeuza tani na kuiandika kwa jina la mfuko, kwa kuwa mifuko 20 ya kilo 50 ndiyo tani moja. Hapo dawa ni kutenganisha bidhaa: simiti kwa mfuko iwe na jina lake na simiti kwa tani lake. Ukiwa karibu 0.85, karani ameweka bei kabla ya kodi mahali pa bei yenye kodi. VAT ni asilimia 18, na 34,500 ikiondolewa kodi ni 29,237. Ukiwa 1.18, kodi imeongezwa mara mbili. Na ninyi wa Busia mna moja ya kwenu: bei iliyoandikwa kwa shilingi za Kenya kwenye ankara ya shilingi za Uganda. Kwa kiwango cha 28, mfuko wa 34,500 utaonekana umeuzwa 1,232. Uwiano wa 0.036 hautokani na sifuri, na ukiuona uende moja kwa moja kuuliza nani alimhudumia mteja wa ng'ambo.

Safu ya J ni pesa zilizo hatarini. Kwa mstari wako ni 310,500 mara 20, yaani 6,210,000. Panga mistari iliyovuka 3.5 kwa safu hii, kubwa kwanza, bila kujali kama ni ya kuzidi au ya kupungua. Siku ukiwa na nafasi ya kukagua mistari mitano tu, kagua mitano ya juu.

Bei imekaa sawa, lakini idadi nayo hukosewa, na hapo namba ya katikati ya bidhaa haikusaidii kwa sababu shule na fundi wa kibanda kimoja hawafanani. Idadi uilinganishe na mteja mwenyewe. Tuseme fundi mmoja kwa ankara nane zilizopita alichukua mifuko 20, 25, 15, 30, 20, 40, 20 na 25. Wastani ni 24.4 na mkengeuko wa kawaida ni 7.8. Leo ankara yake inasema 250. Alama ni 29, hakuna ubishi. Hapa nimetumia wastani wa kawaida na haukunisaliti, kwa sababu ankara ya leo haimo kwenye hesabu ya wastani. Nimeipima kwa historia iliyokwisha kukaguliwa. Kosa haliwezi kuvuta wastani ambao halimo.

Lakini geuza kosa. Leo karani ameandika 2 mahali pa 20. Toa 24.4, gawanya kwa 7.8, unapata -2.9. Limepita chini ya kikomo. Idadi haiwezi kushuka chini ya sifuri, kwa hiyo upande wa chini hauna nafasi ya kutosha ya kupata alama kubwa, hata kosa likiwa la mara kumi sawa na lile la juu. Haya ndiyo makosa ninayoyaogopa mimi. Mteja aliyetozwa zaidi atakuja mwenyewe na ankara mkononi, kama alivyokuja wako. Aliyetozwa mifuko 2 na kupakiwa 20 mara nyingi hajui, na akijua si wote watakaorudi. Niliwahi kukagua vitabu vya muuzaji mmoja wa jumla ambaye kwa miezi alidhani ana mwizi stoo. Walibadilisha mlinzi, wakabadilisha kufuli. Tulipopanga ankara kwa wateja tukakuta mistari yenye sifuri iliyopungua, na karibu yote iliingizwa kwenye kompyuta moja ya kaunta ambayo kitufe chake cha sifuri kilihitaji kubonyezwa kwa nguvu. Mlinzi wa kwanza alikuwa ameshaondoka.

Ili upande wa chini uonekane sawa na wa juu, pima logi ya idadi badala ya idadi yenyewe. Kwenye Excel ni `=LOG10(C2)`. Kwa logi, kuzidisha mara kumi ni kuongeza 1, na kugawanya kwa kumi ni kupunguza 1. Makosa yote mawili yana umbali uleule. Logi za zile ankara nane zina wastani wa 1.369 na mkengeuko wa 0.130. Mifuko 250 inapata 7.9. Mifuko 2, iliyokuwa imeponyoka, inapata -8.2. Mifuko 50 inapata 2.5 na inapita. Mifuko 60 inapata 3.1, na kwa kikomo cha 3 utaombwa uiangalie, ingawa huenda fundi amepata kazi kubwa. Hiyo naikubali, simu moja inaimaliza. Bidhaa zilizorudishwa, zinazoandikwa kwa idadi hasi, ziondoe kwanza, kwa sababu logi ya namba hasi haipo na Excel itakupa `#NUM!`. Na mteja mwenye ankara mbili au tatu tu usimpimie alama, hana historia ya kulinganisha. Idadi zake zisome kwa macho.

Mstari uliovuka kikomo si mstari wenye kosa. Ni mstari wa kwenda kuusoma. Chukua hati ya kutolea mzigo ambayo mtu wa stoo alitia sahihi, weka kando ya ankara, linganisha idadi, kipimo na bei. Ukikuta ni sahihi, andika pembeni sababu kwa maneno machache, kama "oda ya shule, bei ya meneja", na uuache. Usiufute na usiurekebishe ufanane na wenzake. Nimeona mtu "akisafisha" mistari kwa kurudisha bei kwenye katikati bila kufungua faili, na hivyo akafuta punguzo halali alilokubali mwenye duka.

Utakutana pia na siku ambayo simiti yote itavuka kikomo kwa pamoja. Kiwanda kikipandisha bei na ninyi mkahama kutoka 34,500 hadi 38,000, kila mstari mpya utapata 4.7. Utaitambua kwa tarehe: alama zote ni chanya, zinafanana, na zinaanza siku moja. Kosa la vidole halina nidhamu hiyo. Siku hiyo anza kundi jipya la bei kuanzia tarehe ya badiliko, usiendelee kulinganisha bei mpya na ya zamani. Kwa bidhaa kama simiti mimi huchukua siku 30 za nyuma, si zaidi. Kwa vitasa na rangi naenda hata siku 90 ili nipate mistari ya kutosha.

Kuna kosa ambalo alama hii haitalishika, na ni heri ulijue sasa. Karani akigeuza tarakimu, 34,500 ikawa 35,400, tofauti ni 900 na alama ni 1.2. Inapita katikati ya bei halali. Akigeuza ikawa 43,500, alama ni 12 na utaikamata. Ya kwanza hiyo itakamatwa na orodha ya bei peke yake: weka karatasi ya bei zilizoidhinishwa, na kila bei isiyokuwemo ionyeshwe, hata kama alama yake ni ndogo. Ukipata tofauti kati ya bei ya ankara na ya orodha, igawanye kwa 9. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti daima hugawanyika kwa 9 bila baki. 900 na 9,000 zote zinagawanyika. Hilo halithibitishi kosa, maana hata tofauti halali huweza kugawanyika, lakini linakuambia uanze kutafuta wapi.

La mwisho ni wakati wa kufanya ukaguzi. Kama duka lenu limesajiliwa kwa VAT, ankara zenu zinapitia EFRIS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, na ankara ikishapewa namba yake huko huwezi kuifuta na kuandika nyingine. Unaomba kredit noti, unaeleza sababu, na mteja aliyekwisha kudai kodi yake kwa ankara ile naye anaguswa. Kwa hiyo usisubiri mwisho wa mwezi. Ombeni mfumo wenu utoe orodha ya ankara zilizo bado rasimu, uibandike chini ya mistari ya siku 30 kwenye karatasi yako, na usome H na I kabla mtu hajabonyeza kutuma. Kama ankara zenu zinatumwa palepale kaunta, mteja akiwa amesimama, basi orodha haitawahi. Waambie wanaowatengenezea mfumo waweke kwa kila bidhaa bei ya chini na ya juu, na bei ikitoka nje ya hapo mashine iombe namba ya siri ya msimamizi. Mipaka hiyo unaipata kwenye karatasi hii hii: katikati, ukijumlisha na kutoa mara 5.2 ya G, au ya asilimia 1 ya bei ya katikati kama hiyo ndiyo kubwa kuliko G. Kwa simiti yenu ni 31,900 na 37,100. Kabla ya kuiweka, pitisha mistari ya mwezi uliofungwa ndani yake uone mingapi ya halali ingezuiwa, na uniandikie idadi hiyo.